Maswali na majibu: namba za ankara zilizoruka

Ankara 0413 hadi 0415 hazipo kwenye mfumo. Tutapigwa faini?

Inategemea una nini cha kuonyesha. Mkaguzi hupanga ankara kwa namba, kisha hutafuta zilizoruka, zilizojirudia, na tarehe zinazorudi nyuma wakati namba zinasonga mbele. Akikuta pengo, hageukii ankara kwanza. Anakwenda kwenye hati za kutolea mzigo na taarifa ya benki.

Tuseme 0412 ni ya Machi 31 na 0416 ni ya Aprili 2. Ya 0413 ilibatilishwa, na nakala zake zote zimebaki kitabuni zikiwa zimepigwa mstari: hiyo imekwisha. Ya 0414 ilikuwa rasimu, na kumbukumbu za mfumo zinaonyesha nani aliifuta na saa ngapi: atauliza, kisha ataendelea. Ya 0415 haina chochote, lakini kuna mzigo uliotoka Machi 31 na pesa iliyoingia benki Aprili 4 bila ankara. Hapo atachukulia kwamba umeficha mauzo, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wako. Usishangae akipanua ukaguzi hadi mwaka mzima.

Naweza kutengeneza ankara za kuziba mapengo?

Hapana. Mfumo unatunza siku ankara ilipoundwa, na ankara ya Machi iliyozaliwa Agosti inajieleza yenyewe. Ulikuwa na uzembe. Sasa una kughushi.

Hatujafuta kitu, mbona namba zinaruka?

Baadhi ya mifumo hukamata namba mara tu unapofungua rasimu. Mingine huichukua wakati wa kuhifadhi, na mtandao ukikatika kabla ya kukamilika, namba hairudi. Jaribu hivi: fungua rasimu, ifunge bila kuhifadhi, halafu toa ankara ya kweli. Ikiruka namba, mwambie fundi aweke namba itoke pale tu ankara inapoidhinishwa. Mapengo ya zamani yaandikie maelezo leo, namba kwa namba, ukiambatisha kumbukumbu za mfumo.

Mteja amekataa ankara. Niifute?

Swali hili haliishi! Usifute. Toa kredit noti yenye mfululizo wake wa namba, ikitaja ankara inayotenguliwa. Na mwondolee karani ruhusa ya kufuta, maana akiwa nayo ataitumia.

Mwaka mpya naweza kuanza na 0001?

Ndiyo, mradi mwaka uwe ndani ya namba, kama 2026-0001.

Nitayaonaje mapengo kabla ya mkaguzi?

Weka namba za ankara kwenye Excel, ondoa herufi na mwaka, geuza ziwe tarakimu halisi (zikibaki maandishi, 10 itakaa kabla ya 9), zipange safu A kuanzia A2 kutoka ndogo hadi kubwa, kisha weka hii kwenye B3 na kuishusha:

```
=IF(A3-A2=1,"","KAGUA")
```

Itanasa zilizoruka na zilizojirudia. Haitanasa ankara zilizokatwa mkiani, kwa hiyo linganisha namba ya mwisho ya mwezi na ya kwanza ya mwezi unaofuata, pamoja na hati ya mwisho ya kutolea mzigo.