Breketi ya tivii inalala: kabla hujakaza mkono, angalia ukuta

Maswali ya breketi yamekuwa mengi nimechagua saba. Nawaomba tena, mkiniandikia niambieni ukuta ni wa nini, zege, tofali la kuchoma, bloku yenye uwazi ndani au jipsamu, maana bila hicho nabaki nakisia na wewe unabaki na tivii juu ya vichwa vya watoto.

"Fundi, tivii ikiwa imekunjwa ukutani iko sawa kabisa, nikiivuta nje inashuka kwa mbele. Nimekaza nati zote za mkono wa breketi mpaka haugeuki na bado inashuka. Nizidi kukaza?"

Hapana, acha hapo hapo. Mkono umekazwa mpaka haugeuki na tivii bado inashuka, basi kinachoachia kina uwezekano mkubwa kiko nyuma ya mkono, yaani bamba lile lililofungwa ukutani, na kila siku unayoivuta nje unazidi kuling'oa.

Kipimo chake ni karatasi. Kunja mkono, chukua karatasi ya kawaida ujaribu kuipenyeza kati ya ukuta na ukingo wa juu wa bamba, isipoingia iache hapo hapo uishike. Mwenzako aivute tivii nje taratibu huku mkono wake mwingine uko chini ya tivii ameikinga, asiiachie. Karatasi ikianza kuingia, plagi zilizoshika skrubu ukutani zinatoka. Angalia na chini pia, kwenye sakafu au juu ya kabati lililo chini ya tivii, ukikuta unga wa plasta umedondoka ambao jana ulifagia hukuuona, jibu umeshapata hata kabla ya karatasi.

Sasa kwa nini ikikunjwa inatulia? Tuseme tivii ina kilo 20, na kutoka skrubu za juu za bamba mpaka ukingo wake wa chini ni sentimita 20. Ikikunjwa, uzito wa tivii unakaa kama sentimita 8 tu kutoka ukutani, kwa hiyo skrubu za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kama kilo 8. Ivute mpaka sentimita 45 na tivii ni ile ile, lakini skrubu za juu sasa zinavutwa kwa kilo 45, na uzito wa mkono wenyewe sijauhesabu. Ndiyo maana mtu anafunga, anaona imeshika, anashukuru, halafu baada ya miezi miwili ya kuvuta na kurudisha ndiyo inaanza kuinama.

Niliitiwa nyumba moja ina shida kama yako. Aliyefunga kabla yangu alitumia plagi za plastiki za milimita 50, ukitazama unasema zinatosha. Tukashusha tivii, nikang'oa bamba, skrubu mbili za juu zilitoka kwa vidole. Nikapima tundu, plasta peke yake ilikuwa milimita 25! Yaani nusu ya kila plagi ilikuwa imekaa kwenye plasta, na plasta haishiki kitu, inasagika. Kazi yote ilikuwa inafanywa na milimita 25 za plagi ndani ya tofali.

Dawa yake ilikuwa kusogeza bamba mbali na matundu ya zamani, kama sentimita 5 au zaidi, na kutoboa upya kwa hesabu hii: plagi isukumwe ipite plasta yote ikae ndani ya tofali, kwa hiyo tundu liwe plasta 25, jumlisha plagi 50, jumlisha 10 za nafasi ya vumbi, jumla milimita 85. Skrubu nayo ipite bamba la milimita 3, plasta 25, na plagi nzima 50, hiyo ni 78, tukachukua skrubu za milimita 80. Nikapuliza vumbi lote litoke maana vumbi likibaki plagi inateleza. Na ili tusitoboe kwenye mstari wa udongo kati ya tofali na tofali, tulilisogeza bamba upande kidogo kuukwepa. Tulipoivuta tena nje karatasi haikuingia.

Ukuta wako ukiwa wa bloku yenye uwazi ndani hesabu hiyo haitakusaidia, kwa sababu ganda la bloku ni jembamba na nyuma yake ni hewa. Hapo toboa bila nyundo ya drili, nyundo inapasua ganda kwa ndani na wewe kwa nje huoni. Halafu tumia gundi ya kushikia bolti, ile ya mrija inayojichanganya mdomoni, pamoja na soksi yake ya wavu ili gundi ivimbe ndani ishike kama fundo. Usitundike kitu mpaka muda ulioandikwa kwenye mrija uishe.

"Skrubu moja ya juu inazunguka tu haikazi. Naweza kujaza vijiti vya kiberiti au supagluu?"

Hapana, hata kidogo! Swali hili nalijibu kila mara na watu bado wanajaza vijiti. Skrubu inayozunguka bure ina maana plagi nayo inazunguka na tundu limeshapanuka, na pacha wake wa upande wa pili sasa anabeba mzigo wa wawili. Shusha tivii leo, siyo wikendi.

"Ukuta wangu ni zege, bamba halijaachia hata kidogo, nimepima. Lakini tivii inainamisha uso wenyewe, asubuhi nainyanyua jioni imeinama tena."

Asante kwa kuniambia ukuta ni wa nini na kwamba umepima. Wako ni ugonjwa wa shingo, kile kiungo kinachoinamisha tivii mbele na nyuma. Uzito wa tivii uko mbele ya kiungo hicho kwa hiyo siku zote unataka kuinama, na kwenye breketi nyingi kinachouzuia ni msuguano tu wa washa kati ya mabamba mawili, bolti ikilegea kidogo msuguano unapungua na uso unashuka polepole hivyo hivyo unavyoona.

Mtu mmoja aishike tivii kwa chini na kuinyanyua iwe wima. Wewe tafuta bolti za pembeni ya shingo, kushoto na kulia, mara nyingi zinataka spana ya alenki na upande wa pili kuna nati ya kushikwa na spana nyingine, usiposhika nati bolti inazunguka yote na utadhani unakaza. Kaza robo mzunguko kushoto, robo kulia, kisha mwenzako alegeze mkono taratibu muone. Bado? Robo tena kila upande. Usikaze upande mmoja mpaka mwisho ndipo uende wa pili, shingo itajipinda na tivii itakaa mshazari.

Usilegeze bolti hizo hata kidogo kama hakuna aliyeishika tivii, inaanguka uso ghafla na kioo kinagonga mkono. Na usipake mafuta wala grisi hapo. Kuna watu wanapaka grisi kila kiungo wanachokiona, hicho kinaishi kwa msuguano, ukikipaka umekiua. Kama kimeshapakwa, fungua ufute mpaka kikauke, washa za plastiki zikiwa zimelika au zimepasuka badilisha.

"Nimekaza skrubu nne za nyuma ya tivii mpaka mwisho kabisa, mbona bado inacheza?"

Kwa sababu zimefika mwisho wa tundu la tivii kabla hazijalibana bamba. Skrubu ni ndefu mno. Mkononi unasikia imekaza kweli kweli, kumbe ncha imegonga ndani na kichwa chake bado hakijagusa chuma, tivii inaning'inia kwenye nafasi hiyo na ndiyo inacheza.

Usilazimishe, ukizidi unaweza kutoboa ukafika kwenye vitu vya ndani na hapo tivii imekwenda. Chomeka kijiti kwenye tundu mpaka kigote, weka alama kwa kalamu usawa wa mgongo wa tivii, pima. Ongeza unene wa bamba, na skrubu yako isizidi hapo, ipungue milimita mbili tatu. Kama huna fupi zaidi, weka washa au vile vipande vya bomba vya plastiki vinavyokuja na breketi, ambavyo wengi wenu mnavitupa na boksi. Lakini isiwe fupi mno pia, ishike angalau mizunguko mitano sita.

"Upande wa kushoto uko chini kuliko wa kulia."

Legeza kidogo skrubu za kusawazishia nyuma ya kichwa cha mkono, zile zilizo kwenye matundu marefu, weka pimamaji juu ya tivii, sawazisha, kaza, na kama breketi yako haina hizo rudi kwenye bamba la ukutani uone limefungwa mshazari au linaachia upande mmoja.

"Viungo vya mkono vinavyogeuka kushoto kulia nivikaze kiasi gani?"

Kaza mpaka mkono ugeuke kwa kusukumwa na ukae pale ulipouacha, usirudi wala usiendelee wenyewe. Nati ya hapo huwa na pete ya plastiki ndani ili isijifungue, ikishafunguliwa mara kadhaa pete inalegea, weka mpya. Ukikaza hadi mkono unalia au unakwama unakula washa, na mbaya zaidi kila ukiugeuza kwa nguvu unalitikisa bamba ukutani.

Ila ujue mkono una viungo viwili vitatu, na kila kimoja kina ulegevu wake mdogo. Nyuzi 1 tu kwenye mkono wa sentimita 45 inaishusha tivii milimita 8 hivi kwenye ncha, kushuka kidogo ukiivuta nje siyo ugonjwa. Ugonjwa ni pale ambapo nati imekaza vizuri na ukiinyanyua tivii kwa mkono unasikia inagonga ndani ya kiungo, tundu la bolti limeshakuwa kama yai. Hilo halikazwi likapona, badilisha mkono.

"Ukuta ni wa jipsamu. Nimeona plagi za kipepeo zimeandikwa zinabeba kilo 40, tivii yangu ni kilo 18, si zinatosha?"

Kwa breketi ya mkono, hapana. Rudi juu kwenye hesabu yangu ya kilo 20 zinazogeuka kuwa kilo 45 uone namba ya kwenye pakiti inaishia wapi. Kipepeo chenyewe kinaweza kisikatike, kitakachokatika ni jipsamu, inameguka kuzunguka tundu na kipepeo kinatoka na kipande cha ukuta.

Tafuta nguzo zilizo nyuma ya jipsamu, gonga usikie au tumia sumaku inase kwenye vichwa vya skrubu zilizoshikia bodi, na kama nguzo ni za mbao funga bamba hapo katikati ya mbao kwa skrubu nene. Kama ni za bati jembamba, usifunge mkono bila kufungua bodi na kuweka ubao nyuma yake. Ukiwa hutaki kufungua, chukua breketi bapa isiyovutika, tivii ikae imegusana na ukuta.