Kifurushi cha 2,000 kinakuwa 2,400: niwaandikie nini wateja wangu wa kudumu?

Swali: Habari mtaalamu. Ninaendesha kazi ya kufua na kupiga pasi. Wateja wangu wengi ni wa kudumu na wanalipa kifurushi cha mwezi, 2,000, kila tarehe 1. Wengine wanaleta nguo moja moja. Umeme na sabuni vimepanda, na bei sijaigusa tangu 2023. Nataka kifurushi kiwe 2,400. Nimeandika hivi: "Mteja wetu mpendwa, kutokana na hali ngumu ya uchumi, bei zetu zitapanda kwa asilimia 20 kuanzia mwezi ujao. Samahani kwa usumbufu." Inatosha, au nieleze zaidi? Naogopa watanihama.

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Lakini kabla hujaongeza hata neno moja, weka barua pembeni uchukue kikokotoo. Barua za namna hii mara nyingi huharibika kwenye hesabu mapema kabla hazijaandikwa. Mwenye biashara anakuwa na kiasi kichwani na sababu mdomoni, na hajawahi kuvikutanisha.

Mchanganuo wa gharama zako hukuutaja, kwa hiyo nitaweka wa mfano, nawe utabadilisha namba. Tuseme katika kila 2,000 anayolipa mteja, 400 inakwenda kwenye umeme, 300 kwenye sabuni na dawa za kufulia, 800 kwenye mishahara, na 500 iliyobaki inabeba pango, usafiri na faida yako. Umeme umepanda kwa robo, yaani 400 imekuwa 500. Sabuni imepanda kwa asilimia 20, yaani 300 imekuwa 360. Jumla ya ongezeko ni 160. Wewe unataka kuongeza 400.

Umeme na sabuni, kwa hiyo, vinaeleza 160 tu, chini ya nusu ya unachoomba. Kitu kikipanda kwa asilimia 25, bei yako haipandi kwa asilimia 25. Inapanda kwa kadiri ya nafasi ya kitu hicho ndani ya bei. Mteja hatakaa chini kupiga hesabu hii kwa kalamu, lakini na yeye ananunua umeme, na yeye ananunua sabuni. Akisikia umeme ndio uliomuongezea 400 atahisi kuna kitu hakikai sawa, hata kama hawezi kukionyesha. Mteja anayehisi hivyo hakuulizi. Anaanza kutafuta dobi mwingine kimyakimya.

Tafuta basi 240 iliyobaki inatoka wapi. Katika kazi inayotegemea mikono kama yako, mahali pa kwanza pa kuangalia ni mishahara. Kama siku hiyohiyo ya bei mpya unawaongezea wapiga pasi asilimia 15, hiyo ni 120 nyingine, na sasa umefika 280. Inabaki 120. Pengine hiyo ni faida iliyokuwa ikiliwa kidogo kidogo tangu 2023, kila gharama ilipopanda ukanyamaza. Hiyo nayo ni sababu halali, na inaandikika bila aibu. Ila kama ukichimba hupati chochote, namba yako ndiyo yenye tatizo: shusha kifurushi kiwe 2,300, ambayo ni 2,280 iliyosogezwa hadi namba rahisi kulipa. Mimi ningechagua kushusha kuliko kubuni sababu.

"Hali ngumu ya uchumi" iondoe kabisa. Haimwambii mteja chochote kuhusu nguo zake, na yeye anaishi katika hali hiyohiyo.

Sasa asilimia 20. Kwako ni namba moja inayorahisisha kazi. Kwa mteja ni zoezi la hesabu. Mwenye kifurushi atalazimika kuzidisha, mwenye blanketi naye hivyohivyo, na wote wawili watakuja kukuuliza. Baya zaidi, huenda asilimia 20 si kweli kwa kila kitu. Kama bei ya suti haibadiliki, tangazo lako limeshaitangazia ongezeko. Andika bei ya zamani na bei mpya zikiwa pamoja, kwa kila kitu anachonunua mteja huyo, na useme wazi ambacho hakibadiliki.

Tarehe ndiyo yenye mitego mingi zaidi. "Mwezi ujao" hubadilika maana kulingana na siku mtu anapofungua meseji. Aliyeisoma tarehe 30 na aliyeisoma tarehe 2 wanaelewa miezi miwili tofauti. Hata 01/03/2026 kuna watakaoisoma kama siku ya tatu ya Januari. Andika siku, tarehe, jina la mwezi na mwaka: Jumapili, 1 Machi 2026.

Halafu sema tarehe hiyo inahesabiwa kwenye tukio gani. Katika kazi yako kuna matukio matatu: mteja anapoleta nguo, anapozichukua, na anapolipa. Blanketi lililoletwa Jumamosi tarehe 28 Februari na kuchukuliwa Jumanne tarehe 3 Machi linalipiwa bei ipi? Usipolitaja, mpokeaji nguo wako atajibu hivi na wewe utajibu vile, mbele ya mteja huyohuyo. Ushauri wangu ni kuhesabu siku nguo zinapopokelewa, kwa sababu ndiyo siku mteja alipokubaliana na bei, na imeandikwa kwenye risiti. Aliyekwisha kulipia miezi ya mbele kwa bei ya zamani amalize alichokilipia. Na kama una mteja mwenye mkataba ulioandikwa bei, mfano ofisi au nyumba ya wageni, mkataba ndio unaotawala hadi uishe. Huyo usimtumie tangazo la jumla, kaa naye mzungumze.

Kuhusu muda wa kutoa taarifa, kwa wanaolipa kwa mwezi kipimo changu ni hiki: baada ya kusikia habari, mteja awe na angalau malipo mamoja ya kufanya kwa bei ya zamani. Ukituma Jumatatu tarehe 26 Januari, malipo ya 1 Februari ni 2,000 na ya 1 Machi ni 2,400. Anapata mwezi mzima wa kupanga au kuondoka bila kubanwa. Ila jiandae: wapo watakaouliza kama wanaweza kulipia miezi sita mapema kwa bei ya zamani. Inavutia, kwa maana fedha inaingia leo, lakini utakuwa unafua kwa gharama mpya na bei ya zamani hadi katikati ya mwaka, na fedha yenyewe utakuwa umeshaitumia. Ruhusu mwezi mmoja, au usiruhusu kabisa, na sheria iwe moja kwa wote.

Barua yako, kwa mteja wa kifurushi, ningeiandika hivi:

> Habari za leo. Kuanzia Jumapili, 1 Machi 2026, napandisha bei ya kifurushi chako cha mwezi kutoka 2,000 hadi 2,400. Malipo yako ya 1 Februari yanabaki 2,000.
>
> Nguo za ziada, nje ya kifurushi:
> Shati: sasa 50, kuanzia 1 Machi 60
> Blanketi: sasa 300, kuanzia 1 Machi 360
> Suti: inabaki 250
>
> Nguo zitakazopokelewa hadi Jumamosi, 28 Februari, zitalipiwa bei ya zamani hata zikichukuliwa baadaye. Kama umekwisha kulipia Machi au zaidi, huongezi kitu hadi muda huo uishe.
>
> Sababu ni tatu. Umeme na sabuni vimepanda. Kuanzia Machi nawaongezea mishahara wanaofua na kupiga pasi nguo zako. Na tangu 2023 sikupandisha bei ingawa gharama zilikuwa zikipanda, hivyo sehemu ya ongezeko hili inafidia pengo hilo.
>
> Uzito wa kifurushi na siku za kuchukua nguo havibadiliki. Ukitaka kubadilisha au kusitisha kifurushi, niambie kabla ya 1 Machi.

Kiasi na tarehe vimekaa kwenye sentensi ya kwanza, sababu zimekuja baadaye. Mteja anataka kwanza kujua atalipa ngapi na lini. Ukimpitisha kwenye aya nzima ya maelezo kabla ya namba, ataruka maelezo yote. Pia nimeandika "napandisha", kwa kuwa uamuzi ni wako na barua inasomeka vizuri ikiwa na mwenyewe. Sentensi ya uzito wa kifurushi iandike kama ni kweli tu. Kama umepanga kupunguza kilo wakati huohuo, lazima liwemo kwenye barua hiihii. Mteja akiligundua mwenyewe kwenye mizani, zile sababu zako tatu hatazikumbuka tena.

Mishahara nayo usiitaje kama huiongezi kweli. Wafanyakazi wako wanazungumza na wateja kila siku, na swali la "hongera, nasikia mmeongezewa" litaulizwa mapema.

Usiitume kwenye grupu la wateja wote. Pale lalamiko la mtu mmoja linakuwa la wote kwa dakika tano, na wasiolipa kifurushi wanabishana kuhusu bei isiyowahusu. Mtumie kila mtu yake, ikiwa na namba zake: mwenye kifurushi aone kifurushi kwanza, wa nguo moja moja aone nguo hizo tu. Kabla ya kutuma, mpe barua mtu asiyejua biashara yako, kisha umuulize: blanketi likiletwa 28 Februari likachukuliwa 3 Machi ni bei gani? Akisita, rekebisha. Na ukishatuma, angalia maswali yanayorudi. "Kwa hiyo mimi nalipa ngapi?" yakiwa mengi, kosa liko kwenye sehemu ya namba, na meseji ya pili fupi ya marekebisho itumwe siku hiyohiyo. Ubao wa bei dukani nao uwe na bei zote mbili na tarehe kuanzia siku unapotuma.

"Samahani kwa usumbufu" nimeiondoa kwa makusudi. Bei mpya kwa kazi ileile siyo usumbufu, na mteja anayeombwa radhi huanzia hapohapo kuomba apunguziwe. Watakaoomba watakuwepo hata hivyo, hasa wa zamani zaidi. Amua leo utawajibu nini. Kama una kifurushi kidogo cha kilo chache kwa bei nafuu, wape hicho. Anayebaki kwenye kifurushi kamili alipe 2,400 kama wenzake.