Bango la kliniki ya meno: mwenye hofu ya kiti aandikiwe nini?

Swali: Kliniki yetu ya meno iko Nyegezi, Mwanza. Wagonjwa wengi wanaogopa kiti, wanakuja jino likishaharibika kabisa. Tunataka kaulimbiu ya kuwatoa hofu. Tumebaki na mbili: "Usiogope, hatuumizi" na "Tabasamu lako, furaha yetu". Fundi wa bango anasubiri. Tuchague ipi?

Jibu: Mwambieni fundi asubiri siku mbili tatu zaidi, maana zote mbili zina kasoro.

Ya pili haina madhara, ila haimgusi mnayemtafuta. Mtu aliyekesha ameshika shavu hawazi tabasamu. Anawaza sindano, na ile sauti ya mashine. Isitoshe, ukiibandika kwenye duka la simu au saluni itakaa vilevile.

Ya kwanza ndiyo mbaya. "Usiogope" ni neno la mama kwa mtoto, na mvuvi wa miaka hamsini akilisoma barabarani anaweza kujiona amedharauliwa. "Hatuumizi" nalo linamkumbusha kuumizwa hata kabla hajashuka kwenye daladala. Kiambishi cha kukanusha ni kifupi, shina "umiza" ndilo linalobaki kichwani. Tena ni ahadi msiyoweza kuitimiza kila siku. Sindano ya ganzi yenyewe ina mchomo wake, hata mkianza na ganzi ya kupaka. Jino lenye usaha hufa ganzi kwa shida, kwa sababu tindikali iliyo kwenye uvimbe huipunguzia dawa nguvu. Na hata ganzi ikishika barabara, inazuia maumivu lakini haizuii msukumo: anayeng'olewa jino atasikia linasukumwa na pengine litalia "kriii" kwenye mfupa. Mgonjwa aliyeahidiwa kutoumizwa atayahesabu yote hayo kuwa maumivu, na akirudi mtaani atasema bango linadanganya.

Kinachomtisha mtu kwenye kile kiti si maumivu peke yake. Amelazwa chali, mdomo wazi, hawezi kusema, haoni kinachofanyika, na hajui ataponyokaje. Kaulimbiu nzuri inamrudishia uwezo wa kuamua. Hapo sarufi yetu inasaidia sana. Tazama nani ni mtenda katika sentensi. "Tutakuhudumia kwa upole": mtenda ni kliniki, mgonjwa amebanwa katikati ya kitenzi kama "-ku-", anafanyiwa. "Ukiinua mkono...": hapo mtenda ni yeye, kitenzi kinaanza naye.

Nashauri muanzie hapo, kwa sababu ishara ya mkono ni kitu madaktari wa meno wanakitumia kweli, si maneno ya kupamba. Sasa kipande cha pili kiwe nini? "Ukiinua mkono, tunasimama" ndicho kinachokuja haraka, lakini kusimama ni kuacha mwendo na pia ni kunyanyuka. Msomaji mtundu atauliza kama daktari huwa anafanya kazi amekaa. "Tunaacha" ni wazi zaidi, ila si kweli kila mara: jino likishalegezwa nusu, daktari anaweza kuondoa nguvu na kumpa mgonjwa nafasi ya kuvuta pumzi, lakini hawezi kumrudisha nyumbani nalo hivyo. "Tunapumzika" linaleta picha ya watu wameenda kunywa chai. Neno linalosema ukweli wote ni kusubiri: kazi imesita, hatujakukimbia, utakapokuwa tayari tutaendelea.

Basi iwe hivi: "Ukiinua mkono, tunakusubiri."

Wakati uliopo una kazi yake hapo. "Tutakusubiri" ni ahadi ya mwenye kuomba kuaminiwa. "Tunakusubiri" ni desturi ya nyumba. Mkitaka kuisema redioni, ongezeni "sisi": "Ukiinua mkono, sisi tunakusubiri." Hesabuni mizani: nane kwa nane, kama kipande cha shairi, na sikio la Mswahili hulishika bila kufundishwa. Kwenye bango liondoeni hilo "sisi", maana huko nafasi ni ndogo.

Kuna mtego mmoja. Mtu aliye kituoni Buzuruga akiona maneno hayo peke yake atadhani ni tangazo la daladala. Kwa hiyo "Kliniki ya Meno" iwe juu yake kwa herufi kubwa kuliko kaulimbiu, na pembeni mchoro wa mtu kitini ameinua mkono. Msichore koleo wala sindano. Herufi za kaulimbiu zikiwa na kimo cha sentimita 10 zitasomeka vizuri kwa mita 30 hivi. Igaweni mistari miwili palipo na mkato, isizidi mita moja na ushei kwa upana.

Sasa ndani. Kaulimbiu hii itakufa siku ya kwanza mtu atakapoinua mkono na daktari akasema "vumilia kidogo, namalizia". Hofu yake itakuwa kubwa kuliko kabla hajaja. Kaeni na madaktari na wasaidizi wote mkubaliane kabla ya kulipia bango. Mkono uwe wa kushoto, kama daktari anatumia mkono wa kulia na anakaa upande wa kulia wa mgonjwa. Mkono wa kulia ukiruka ghafla unaweza kugonga kifaa kilicho mdomoni. Mgonjwa aambiwe auinue kwa kukunja kiwiko, taratibu, kichwa kikiwa kimetulia. Daktari akiuona, anatoa mguu kwenye pedali, anaondoa mashine mdomoni, ndipo anauliza: "Nini, ndugu? Inauma au unataka kutema?" Ikiwa ni wakati wa sindano, anaacha kusukuma dawa kwanza, mgonjwa ajulishwe mapema kwamba hapo asitikise kichwa.

Kisha fanyeni jaribio kabla ya kazi. Daktari anaiwasha mashine ikiwa nje ya mdomo, mgonjwa anainua mkono, mashine inazima. Haichukui hata nusu dakika, na mtu ameshaona kwa macho yake kwamba bango halikusema uongo. Kwa mzee aliyetoka Magu au Misungwi ambaye Kisukuma ndicho kimemkaa zaidi mdomoni, jaribio hilo linaeleza kuliko maneno.

Kabla ya kupaka rangi, isomeni kaulimbiu kwa watu kumi wasiohusika na kliniki, sokoni au kivukoni Kamanga. Msiwaulize kama wameipenda. Watawajibu "nzuri" kwa adabu. Waulizeni: "Ukisoma hivi, unadhani huko ndani kunafanyika nini?" Wakijibu kwamba mgonjwa anaweza kumwambia daktari angoje, imefika. Wawili wakidhani ni foleni ya kusubiri zamu, ongezeni neno moja: "Ukiinua mkono kitini, tunakusubiri." Ni ndefu kidogo na mizani inavunjika, lakini afadhali hivyo kuliko watu kuja na vitabu vya kusoma.

Jambo la mwisho ni la daktari mwenye leseni: yeye ndiye aangalie kanuni za Baraza la Madaktari Tanganyika kuhusu matangazo, na apitishe maneno yote ya bango, pamoja na yale madogo ya chini ambayo fundi hupenda kujiongezea mwenyewe.