Kurudi kwenye peji ya biashara iliyolala

Swali: Nauza keki za oda hapa Mwanza. Peji yangu ya Instagram ina wafuasi 2,300 lakini sijaposti tangu mwezi wa tatu, nilijifungua. Sasa naona aibu kurudi. Niandike tangazo la kuomba radhi? Kuna kijana anasema peji imeshakufa, nimpe 40,000 na nywila, aifufue kwa wafuasi elfu kumi.

Jibu: Dada yangu, hongera kwa mtoto. Tangazo la radhi liache. Kila mara nakutana na peji iliyorudi kwa posti ya maandishi matupu, "Wapendwa wateja, tunaomba radhi kwa ukimya wetu," na chini yake hakuna keki wala bei. Mwenye peji anadhani wafuasi wamekaa wakihesabu siku. Wengi hawakujua hata kama umenyamaza, maana hapakuwa na kipya cha kuwafikia. Anayefungua peji yako leo ana mtoto anayetimiza mwaka Jumamosi, na anataka kujua jambo moja tu: huyu bado anaoka? Tangazo la radhi linamwambia kwamba una kawaida ya kupotea.

Wanaostahili radhi wapo, ila wako inboksi. Kabla hujaposti chochote, pitia meseji zote, pamoja na zile za Requests, ambako meseji za watu usiowafuata hukaa bila wewe kuziona. Aliyekuwa ametanguliza pesa mpigie simu, umrudishie au umpangie siku ya keki yake. Aliyeuliza bei akakosa jibu mwandikie hivi: "Habari za leo, samahani nimechelewa kukujibu. Nimeanza tena kupokea oda, ile keki ya kilo mbili sasa ni 60,000. Bado unaihitaji?" Habari za uzazi hazina haja hapo.

Kisha azima simu ya mtu asiyekufuata, utazame peji kama mgeni. Namba ya WhatsApp ni ileile? Ofa ya Valentine bado imebanwa juu? Bei za mwaka jana bado zinasomeka? Posti zilizopitwa ziweke Archive, usizifute. Picha nzuri utaitaka tena, na ukiirudisha inakaa kwenye tarehe yake ya zamani. Bei kwenye maelezo ya posti inarekebishika bila kugusa picha. Juu kabisa andika unapopatikana, oda inahitaji siku ngapi, na namba.

Posti ya kwanza iwe keki uliyooka wiki hii, kama ni ya nyumbani kwako sawa tu. Ipige mchana karibu na dirisha, na kipande kimoja kimekatwa ili ndani paonekane. Maelezo: "Vanila, kilo moja na nusu, 45,000. Oda za Jumamosi zimefunguliwa, mwisho Alhamisi jioni. Tunaleta Nyegezi hadi Igoma." Hapo mteja ameshajua kwamba umerudi. Akitokea wa kuuliza "ulipotelea wapi?", mjibu palepale: "Nilijifungua, nipo sasa. Nikuwekee ya Jumamosi?" Usimwage picha kumi siku moja kufidia miezi iliyopita. Ukiwa na kichanga, posti mbili kwa wiki utazimudu.

Pia weka keki hiyo kwenye stetasi ya WhatsApp. Wateja wako wa zamani ndio wenye namba yako, na stetasi, sawa na meseji ya broadcast, humfikia tu aliyeihifadhi.

Sasa huyo kijana. Hawa wananiudhi kuliko wote. Peji iliyolala haijafa, na wafuasi elfu kumi wa kununua hawana mdomo wa kula keki. Ukiposti, hawagusi kitu, na Instagram hupima posti kwa namna watu wanavyoigusa, kwa hiyo umelipa ili keki yako ionekane haina mvuto. Tena hawadumu: Novemba 2018 Instagram ilitangaza kwamba inaondoa likes, wafuasi na komenti bandia zinazoletwa na programu za pembeni, na ikawataka wenye akaunti zilizotumia programu hizo wabadilishe nywila. Ukimpa mtu nywila, anaweza kubadilisha barua pepe na namba ya simu ya akaunti, kisha atumie jina lako kuomba wateja "watangulize nusu". Wateja hao watakuja kukudai wewe. Na anayekuomba umsomee tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako anatafuta mlango uleule, hata akijiita mtaalamu wa masoko.

Kama umeshampa, usingoje kesho. Ingia Accounts Center, kisha Password and security, badilisha nywila, washa Two-factor authentication, halafu fungua Where you're logged in na uondoe kila simu usiyoitambua. Hakikisha barua pepe na namba zilizoandikwa humo ni zako.