Tetesi za kufungwa kwa tawi

"Nasimamia watu kumi na wawili hapa Dodoma. Kuna tetesi tawi litafungwa. Najua kiasi ila nimekatazwa kusema. Nifanyeje bila kuwaziba midomo?"

Ndugu, usimsake aliyeanzisha maneno. Ukimsaka, mazungumzo yatahamia kwenye grupu la wasapu usilokuwemo, na hutajua tena watu wanahofia nini. Waite wote asubuhi, waulize wamesikia nini, andika ubaoni bila kutaja nani kasema.

Kisha jibu kila jambo: hili ni kweli, hili halijaamuliwa, au hili siruhusiwi kulizungumzia. Hilo la tatu ndilo lenye mtego. Ukikanusha kila la uongo halafu ukanyamaza kwenye moja tu, umeshalithibitisha. Kwa hiyo weka mpaka kabla ya maswali: "Nani atabaki na nani atahamishwa sitajibu kabisa, hata kama mlichosikia ni uongo." Baadaye mtu akikunong'oneza chai ya saa nne, "Bosi, eti mtunza stoo anapelekwa Singida?" mpe jibu hilohilo, liwe kweli au lisiwe.

La kisheria halina siri, waambie: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa na kushauriana nao kabla. Wakubwa wako nao wakumbushe hilo mapema.

Mwisho taja siku ya kurudi kwao, tuseme Ijumaa, na urudi hata kama huna jipya. Ukiikosa Ijumaa hiyo, tetesi mpya zitakuwa zimezaliwa kabla ya Jumatatu.