Kulinda pampu ya kisima isizunguke bila maji

> "Pampu yangu inaendelea kuzunguka kisima kikikauka. Kihisi cha mkondo nikiweke ampea ngapi, na isubiri muda gani kuwaka tena?"

Mkuu, pima kwanza kwa mita ya klampu wakati maji yanatoka vizuri. Tuseme umepata ampea 9. Maji yakiisha mkondo unashuka, ila haufiki sifuri, maana mota bado inakula umeme ikizunguka bure. Weka ikate chini ya 7, mkondo ukikaa hapo sekunde 5 mfululizo, isije ikazimwa na hewa kidogo tu.

Kwenye kusubiri ndiko wengi huharibu. Dakika 2 hazitoshi kisima kujaa, na kuwashwa mara kwa mara kunachemsha mota. Anza na dakika 30. Ikiwaka ikakata upesi, ongeza hadi saa nzima.