Wati ngapi, uniti ngapi: maswali kuhusu bajeti ya umeme wa nyumbani

Feni yangu ni ya wati 55 na huwaka saa 8 kila siku. Inakula uniti ngapi kwa mwezi?

Zidisha wati kwa saa, kisha kwa siku 30, halafu gawa kwa 1000: 55 × 8 × 30 ÷ 1000 = 13.2. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, kwa hiyo ni uniti 13.2. Wengi hukosea kwenye dakika. Birika la wati 2000 likiwaka dakika 12 kwa siku, hiyo ni saa 0.2, yaani uniti 12 kwa mwezi. Ukiandika 0.12 utapata 7.2, na bajeti itapwaya bila wewe kujua kwa nini.

Friji limeandikwa wati 150. Nikizidisha kwa saa 24 napata uniti 108, lakini nyumba nzima hatufiki hata 80. Kosa liko wapi?

Hesabu ni sahihi, saa ndizo si sahihi. Wati 150 huliwa pale tu kompresa inapofanya kazi. Ubaridi ukitosha inazima, joto likipanda inawaka tena. Kama lebo ina kWh kwa mwaka, gawa kwa 12 na uanze na hapo.

Kipimo cha uhakika zaidi ni mita yako. Saa 4 usiku zima kila kitu, hata taa ya nje na chaja, ubakize friji tu, kisha andika uniti zilizobaki. Soma tena saa 12 asubuhi. Tuseme zimepungua 0.36 kwa saa 8: zidisha kwa 3, unapata 1.08 kwa siku, au 32.4 kwa mwezi. Mchana mlango hufunguliwa na jikoni kuna joto, kwa hiyo weka 36.

Kompresa isiyopumzika kabisa ina sababu. Bana karatasi kwenye mlango. Ikichomoka bila kukaza, mpira umelegea na ubaridi unavuja. Angalia pia kama friji limebanwa ukutani, maana joto la nyuma linakosa pa kutokea.

Nina friji hilo la uniti 36, feni ya 13.2, televisheni ya wati 80 kwa saa 6, na taa 5 za LED za wati 9 kwa saa 5. Nataka nisivuke uniti 75. Birika la wati 2000 litaingia?

Televisheni ni 14.4 na taa zote 6.75, hivyo umeshafika 70.35. Zimebaki 4.65, ambazo kwa birika hilo ni kama dakika 4 na nusu kwa siku. Ukipunguza televisheni hadi saa 4, unaokoa uniti 4.8 na dakika za birika zinafika 9. Taa usizihangaikie: hata ukizipunguzia saa nzima, unaokoa 1.35 tu.